Mrejesho: sasisho dogo, upakuaji wa GB 18

Niliuliza: "Sasisho linarekebisha picha moja tu ya ukuta. Kwa nini Steam inapakua GB 18?"

Majibu yenu yalinielekeza kwenye folda ya gemu, na kweli jibu lipo humo. Karibu data yote imefungwa ndani ya faili moja la GB 18. Steam hugawa kila faili vipande vya takriban MB 1, kisha hupakua vile tu ambavyo havifanani na vya zamani. Kwa hesabu hiyo, picha ya MB 3 ingegusa vipande vichache.

Shida ni kwamba watengenezaji walibana faili zima kwa mkupuo mmoja. Ukibadilisha kitu karibu na mwanzo, baiti zote zinazofuata hutoka tofauti, hata kama sauti na ramani zenyewe hazijaguswa. (Kusimba faili zima kwa ufunguo mpya huleta balaa hilohilo.)

Mtengenezaji mmoja hapa alisema dawa ni kubana kila picha peke yake bila kuvuruga mpangilio, au kuweka marekebisho kwenye faili jipya dogo. Sisi wachezaji hatuna la kufanya, zaidi ya kuacha nafasi kwenye diski, maana faili jipya huundwa kabla la zamani halijafutwa.