Tupeane uzoefu: mizunguko kwa dakika ilikuharibia hesabu wapi?

Rota Moja: Naanza na yangu. Rota ilikuwa na gramu 20 zilizozidi upande mmoja, milimita 150 kutoka katikati, inazunguka mara 3000 kwa dakika. Nikashika F = m r ω² na kuweka 3000 vilevile kwenye ω. Nikapata niutoni 27,000! Kipande cha gramu 20 kinavuta kama mzigo wa tani mbili na nusu na ushee. Nilipogeuza kwanza kuwa radiani kwa sekunde, 3000 × 2π ÷ 60 = 314.16, kani ikashuka hadi niutoni 296. Kasi niliyoweka ilizidi mara 9.55 tu, lakini kipeo cha pili kikaifanya kani izidi mara 91. Wenzangu je?

Spana 12: Mimi fundi, pai sihangaiki nayo. Nagawanya kwa 10 basi. 1500 inakuwa 150, kazi inaendelea.

Bi Hesabu: Kaka Spana, kwa kukadiria kichwani sawa, ila mgawanyo wenyewe ni 9.55. Kasi yako inapungua asilimia 4.5, na kwenye kani ya Rota Moja upungufu unakaribia asilimia 9.

Mimi nilikosea kinyume chake. Injini ya kilowati 45, mizunguko 1500. Niligawanya kwa 60, nikapata 25, nikasahau kuzidisha kwa 2π. Nikagawa 45,000 kwa 25, torki ikawa 1,800. Sahihi ni 45,000 kwa 157.08, yaani niutoni mita 286. Hiyo 25 ni mizunguko kwa sekunde, na ubaya wake ni kwamba haishtui macho. Niliendelea nayo hadi kipenyo cha shafti, kwa mkazo wa kukata wa megapaskali 40: milimita 61 badala ya 33. Ni pale nilipoona shafti haiingii kwenye beringi iliyotajwa na swali ndipo nikarudi nyuma.

Kijana wa Makenika: Kumbe ndiyo maana napata majibu ya ajabu, kikokotoo changu kiko kwenye digrii!

Bi Hesabu: Hapana mdogo wangu, 2πN/60 ni kuzidisha na kugawanya tu, hali ya kikokotoo haiigusi. Itakuumiza ukifika kwenye cos(ωt) ya pistoni. Hapo weka radiani.

Kijana wa Makenika: Asante dada. Na injini ya mipigo minne, si kila silinda inawaka mara moja kila mizunguko miwili? Basi ω niigawe kwa 2?

Rota Moja: Usiiguse. ω ni ya krenkishafti, nayo inazunguka 1500 kamili. Nusu inaingia unapohesabu miwako kwa dakika, au ukiulizwa kuhusu kemshafti.

Spana 12: Mimi swali langu likisema "injini 1500" bila kutaja shafti ipi, na kuna giaboksi mbele, nachukua ya krenki. Mwenzangu anachukua ya kutokea giaboksi. Tumebishana wiki nzima.

Bi Hesabu: Mchoro wa swali unao? Uweke hapa.