Mosfeti inachemka kuliko hita yenyewe, nakosea wapi?

Mfugaji_Moro: Wakuu, habari za kazi. Hita ya inkubeta yangu ni ya omu 4, umeme wa volti 12. Naiwasha kwa IRFZ44N, geti inapata 3.3 kutoka ESP32. Hita ina uvuguvugu tu, ila mosfeti haishikiki. Dreni kwa sosi mita inasoma 7.2. Datashiti inasema inafunguka volti 2 hadi 4, si nimo humo? Mayai yanaingia Jumamosi.

Kaka_Sodaa: Hiyo iko saturesheni, yaani imefunguka yote. Weka hitisinki kubwa tu.

MamaSakiti: Saturesheni ni kweli, kufunguka yote siyo. Neno hilo kwa transista za kawaida lina maana nyingine kabisa, ndipo wengi wanapopotea. Kwa mosfeti maana yake ni kwamba geti ndiyo inayopanga mkondo, hata ukiongeza volti za dreni haubadiliki sana. Mfugaji, pima kizingiti cha hiyo yako: unga geti na dreni pamoja, zipe volti 12 kupitia rezista ya kilo-omu 10, sosi chini, kisha soma geti kwa sosi.

Inverta_Jua: Yangu hulipuka nikiwasha friji. Ni tatizo hilihili?

MamaSakiti: Hapana ndugu, lako fungulia uzi wake na picha.

Mfugaji_Moro: Nimepata 2.9.

MamaSakiti: Basi geti yako imezidi kizingiti kwa 0.4 tu. Hita imebakiwa na 4.8, gawa kwa 4, mkondo ni ampea 1.2. Mosfeti inakula wati 8.6, hita 5.8. Ndiyo maana inaishinda. Kanuni:

```
ID = (k/2)(VGS - Vth)^2
1.2 = (k/2)(0.4)^2   ->   k = 15
```

Geti ikipata 5, ziada ni 2.1, na kanuni hiyohiyo inaruhusu ampea 33. Hita haiwezi kuvuta zaidi ya 3, kwa hiyo volti za dreni zinaporomoka hadi chini ya ile ziada na mosfeti inakuwa kama rezista ndogo: inabaki na volti 0.1 hivi, joto wati 0.3. Hesabu ni ya kukadiria. Karibu na kizingiti kanuni hailengi vizuri, na mosfeti ikipata joto kizingiti hushuka, mkondo hupanda. Ile 2 hadi 4 ya datashiti imepimwa kwa mikroampea 250, hapo ndiyo kwanza inaanza kupitisha.

Kaka_Sodaa: Nimeelewa nilipokosea. Basi achukue IRLZ44N.

MamaSakiti: Ni nafuu, ila datashiti yake inaahidi ukinzani kwa volti 4 kwenda juu, siyo 3.3. Mimi ningeinua geti hadi 12 kwa transista ndogo ya NPN.

Mfugaji_Moro: Si itageuza amri, dada? ESP32 ikiwa bado inawaka, pini haijashika, hita itakuwa imewaka yenyewe.

MamaSakiti: Ndiyo, itageuza. Na kwa mayai hilo silipendi.