Mrejesho: maumivu ya kifua ya baba, Mtwara

Niliuliza: "Daktari, shikamoo. Baba ana miaka 62, ana presha na kisukari, anavuta sigara. Saa 8 usiku kifua kilimbana, maumivu yakashuka mkono wa kushoto, jasho likamtoka. Yalipoa, yakarudi saa 10. Tusubiri kukuche?"

Muuguzi wa zamu alinipigia papo hapo: msisubiri. Aliuliza kama baba ana mzio au vidonda vya tumbo. Hana, basi akaagiza atafune aspirini ya miligramu 300, asitembee. Tukachukua bajaji hadi hospitali.

Kipimo cha umeme wa moyo kilitoka kizuri. Baba akang'ang'ania kurudi nyumbani, eti ni gesi ya mihogo. Daktari alimkatalia kwa upole: mshtuko wa moyo waweza usionekane kwenye kipimo cha kwanza. Akapima troponini, protini inayovujia kwenye damu misuli ya moyo ikiumia. Ya kwanza ilikuwa juu kidogo tu, ila baada ya saa 3 ilikuwa imepanda sana. Ni mshtuko wa moyo kweli.

Amelazwa, anachomwa sindano za kuzuia damu kuganda. Akitulia atapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar, kuangaliwa mishipa. Maumivu hayajarudi.