Nimeuliza aina ya mkataba, nikajibiwa "inaonekana huitaki kazi"

BintiFuoni

Asalamu alaikum. Tangu jana magharibi nina hasira, na nyumbani wameshachoka kunisikiliza.

Nilifanya usaili wa kazi ya hesabu kwenye hoteli moja ya Paje, pwani ya mashariki ya Unguja. Usaili ulikwenda vizuri. Baada ya siku mbili napigiwa simu: umepita, mshahara ni ule tuliozungumza, ripoti Jumatatu. Jumatatu! Mie nipo kazini mjini mwaka wa 4 huu, kwa mkataba usio na kikomo, na nikitaka kuondoka lazima nitoe notisi ya mwezi mzima.

Nikamuomba yule dada wa utumishi anitumie barua ya ofa kwanza. Akanitumia picha ya ukurasa mmoja kwa wasapu. Mkataba wa miezi 11, kuanzia tarehe 1 Juni. Majaribio miezi 6. Mwisho pameandikwa "unaweza kuhuishwa kwa ridhaa ya mwajiri kulingana na hali ya biashara". Basi.

Nikamuandikia kwa adabu zote. Nikauliza kwa nini ni miezi 11 wakati tangazo la kazi lilisema nafasi ya kudumu. Nikauliza nani anapima majaribio, na je, nitapewa barua ya kuthibitishwa. La mwisho, nikauliza mkataba ukimalizika nitajuaje kama naendelea.

Jawabu niliyoipata: "Dada, maswali mengi, inaonekana huitaki kazi. Wapo wengine wanaosubiri."

Jamani, nimekosa nini? Hawa wanataka niache mkate wangu nilioushika mkononi halafu hata kuuliza nisiulize? Mama ananambia ningenyamaza, nisaini, mengine ningeyajua mbele. Mbele ndiyo lini? Nikishaacha kazi?

Kijana_Ngambo

Pole dada. Wasikutishe hao, sheria iko wazi. Majaribio hayazidi miezi 6, na mkataba wa muda ukimalizika na wewe ulikuwa unategemea kuongezwa, wakikukatalia ni sawa na kukufukuza. Kifungu cha 35 na cha 36 hivyo. Saini tu, wakikuzingua uwapeleke CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi.

Msafiri_Wete

Mie huku Pemba nililinda ghala miaka 4 bila ya karatasi hata moja. Siku tajiri alipouza ghala, ndiyo ikawa kwaheri. Wewe ushukuru umepewa huo ukurasa. Lakini hebu niulize, mtu asiyekuwa na mkataba wa maandishi anaweza kudai kiinua mgongo?

BintiFuoni

Kaka Msafiri pole sana, lakini mie siulizi kudai. Sijaanza hata hiyo kazi. Nauliza kabla ya kusaini.

BiUtumishi

Binti, nimekaa ofisi za utumishi za hoteli miaka 14, na barua kama hizo nimeziandika mwenyewe kwa mkono huu. Kwa hiyo nakwambia ninachokijua.

Kwanza, mwanangu Kijana_Ngambo, vifungu ulivyovitaja ni vya sheria ya kazi ya Bara ya 2004. Hapa Zanzibar tuna sheria yetu ya kazi, Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na CMA haina ofisi ya kukusikiliza kwa kazi ya Paje. Kwetu unaanzia Kamisheni ya Kazi. Na hata huko Bara, kifungu cha 35 hakisemi majaribio yasizidi miezi 6. Kinamnyima mfanyakazi asiyetimiza miezi 6 haki ya kulalamikia kuachishwa isivyo halali. Hilo la kutegemea kuongezwa mkataba lipo kweli kwenye cha 36, lakini usimtume mtoto wa watu akasaini akiegemea karatasi ya ng'ambo ya bahari.

Sasa tuhesabu, Binti. Unaanza tarehe 1 Juni. Miezi 6 ya majaribio inakwisha 30 Novemba, kwa maana msimu mzima wa wageni wa Julai na Agosti wewe uko kwenye majaribio. Inabaki miezi 5, Disemba hadi 30 Aprili. Aprili ni masika, hoteli nyingi za pwani zinapunguza watu au zinafunga kabisa. Mei unakaa nyumbani bila mshahara. Tarehe 1 Juni wanakuita tena, na hapo ndipo penye mtego: unapewa mkataba *mpya*, si ule ule ulioongezwa. Ukurasa ni ule ule, na majaribio ya miezi 6 yanaanza upya.

Nilikuwa na kijana wa jikoni aliyesaini hivyo mara 3. Alifanya kazi miezi 33, na 18 kati ya hiyo alihesabiwa mtu wa majaribio, kwa kupika vyakula vile vile. Notisi yake ilikuwa siku 7 wakati wenzake wana mwezi. Na kwa vile likizo ya pale ilianza kuhesabiwa baada ya kutimiza miezi 12, hakupata hata siku moja. Iliniuma, lakini barua niliziandika.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwao lisiwe "kwa nini miezi 11". Watakwambia ni msimu, na hoteli ya msimu haina uwezo wa kukuahidi Mei. Waulize hivi: nikirudi kwenye kazi ile ile, majaribio yataanza upya? Wakisema hapana, waambie waliandike. La pili, waandike kwamba siku 30 kabla ya 30 Aprili utapewa barua ya kukuhuisha au kutokukuhuisha. Neno "unaweza kuhuishwa" peke yake halikupi kitu. Na notisi ya kazi yako ya sasa usiitoe mpaka mkataba uwe na saini mbili, yako na yao. Picha ya wasapu si mkataba.

Kijana_Ngambo

Nimekubali kwenye sheria, Bi Mkubwa, ahsante. Lakini kwenye kuuliza sikubaliani. Ukimpelekea mwajiri masharti yote hayo kabla hajakuona kazini, anachukua mwengine. Mie ningeingia kwanza, nijue mazingira, niyadai ndani.

BiUtumishi

Wewe huna kazi ya kudumu unayoiacha. Yeye anayo. Mtu asiye na kazi huenda nikamwambia saini miezi 11 na ujue ni miezi 11.

BintiFuoni

Bi Utumishi, Mungu akulipe. Ile hesabu ya Juni hadi Aprili nimeisoma mara tatu na mikono inatetemeka. Mie nilidhani miezi 11 ni kosa la kuchapa!

Leo asubuhi nimewaandikia tena, mara hii kwa barua pepe kwa meneja mwenyewe, mambo mawili tu: majaribio yawe mara moja, na taarifa ya siku 30. Saa nane amenipigia. Amesema la siku 30 halina tabu, wataliandika. La majaribio amesema "utaratibu wa hoteli ndivyo ulivyo", atauliza makao makuu. Siku ya kuripoti amekubali kuisogeza mbele.

Notisi sijaitoa. Nimeiandika, imo kwenye mkoba.

Msafiri_Wete

Na langu la ghala jamani?