Naomba ushauri: koti jipya kwenye picha ya jua la nyuma

Wakuu habari zenu, nina picha ya jamaa kasimama jua likiwa nyuma yake upande wa kushoto, nataka kumvisha kwenye Photoshop koti lililopigwa picha studio. Giza nadhani nimelipata, nimeweka Curves juu ya koti peke yake nikashusha ncha ya mwanga, halafu ile ya giza nikaipandisha kidogo maana kivuli cha shingoni kwenye Info kinasoma kama 25, sio 0, na koti likiwa jeusi tii linaonekana limebandikwa.

Shida ni ule mstari wa mwanga pembeni. Nimechukua rangi kwenye ukingo wa nywele, nikapaka begani kwa leya ya Screen, ila umetoka na unene mmoja kuanzia bega mpaka kiwiko, kama wa chaki. Najua begani unatakiwa upanuke na kwenye mikunjo ukatike, lakini hili ni la sufu, vinyweleo vyake si vinatakiwa kuwaka pia? Mnavipaka kwa brashi gani? Na upande wa kulia niache giza tupu au niweke kidogo?