Mashindano ya mashua yamegeuzwa uji baada ya kupakia! Nimechoka na mtandao huu

Mlingoti_Lamu (mwenye uzi):
Ndugu zangu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Nimerekodi mashindano ya mashua kwenye mkondo kati ya Shela na Manda, asubuhi nzima niko majini, chumvi hadi kwenye lenzi. Kwenye kompyuta yangu unaona mshono wa tanga na matone yakiruka omoni. Nikapakia YouTube dakika 3 na sekunde 40. Kilichotoka ni uji! Bahari imekuwa vigae vya bafuni, kamba za mlingoti hazionekani, na wimbi likipita viraka vinaruka pamoja nalo. Mwenye mashua ameniuliza kama nilirekodi kwa mulika mwizi.

Faili langu lilikuwa safi: 1080p, fremu 50, megabiti 10 kwa sekunde. Nimeshalibana mwenyewe, kwa nini wao walibane tena? Bando langu limekwisha, kazi imeharibika, na wa kumlalamikia simpati.

WaLangoni:
Toa faili kwa megabiti 100. Wakipewa nyingi watabakisha nyingi. Mimi ndivyo nifanyavyo.

Umm_Khadija:
Hata mimi! Video ya harusi ya binti yangu, nikiiweka status nyuso zinafifia kama zina moshi. Nimebadilisha simu na bado.

FundiTaa_Malindi:
Mama, wewe aliyekurekodia akutumie video kama dokumenti, angalau nakala yako ibaki nzima. Status itaibana tu. Ya huyu kaka ni nyingine.

WaLangoni, umegusa nusu. Biti nyingi hulinda faili lako lisiingie na kasoro, lakini hazivuki nalo. Mtandao unatengeneza nakala zake upya kwa bajeti yake, uwe umeleta 40 au 100. Hiyo ziada unailipia bando tu.

Mlingoti, faili lako halikuwa safi, usinichukie. Programu ya kubana huokoa biti kwa kukopa fremu iliyopita. Ukuta wa Ngome hauendi popote, unakopeka. Maji yanayomeremeta hayakopeki, kila fremu ni mapya. Kwa fremu 50, megabiti 10 hazitoshi bahari. Simamisha video pale wimbi linapovunjika, ikuze mara 2, utazame ukingo wa povu.

Mlingoti_Lamu:
Nimetazama. Kuna vimraba vidogo. Kumbe vilikuwepo tangu kwangu.

FundiTaa_Malindi:
Basi mtandao uliviona vimraba vyako ukadhani ni sehemu ya picha, ukatumia biti zake chache kuvihifadhi. Rudi kwenye klipu za kamera, usianze na faili lile lililobanwa. Kama uliongeza ukali wa picha, upunguze, maana unakuza kila chembe ya mng'aro. Kisha toa faili kuu lenye ubora wa juu kabisa, halafu ulikuze hadi 1440p:

```
ffmpeg -i kuu.mov -vf scale=2560:1440:flags=lanczos \
 -c:v libx264 -preset slow -b:v 40M \
 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 320k pakia.mp4
```

Kukuza hakuongezi maelezo. Lakini pale unapopakia, video ya 1080p ya mtu mwenye watazamaji wachache mara nyingi hupewa ubanaji wa aina ya `avc1`, na ya 1440p hupewa `vp09`, aina ambayo kwa biti zilezile huhifadhi zaidi. Fungua takwimu za video usome ipi umepewa. Usihukumu mara tu baada ya kupakia. Nakala ndogo hutoka kwanza, kubwa hufuata.

Mlingoti_Lamu:
Kwa megabiti 40 hilo ni faili la gigabaiti 1.1! La kwanza lilikuwa megabaiti 275. Sipakii tena kwa kubahatisha. Nimekata sekunde 20 za povu, nimepakia mara mbili kwa faragha: moja 1080p kutoka klipu za kamera, nyingine 1440p.

Baada ya saa kadhaa: ya kwanza `avc1`, maji bado yana viraka ingawa vimepungua. Ya pili `vp09`, kamba za mlingoti zimerudi! Povu bado ni laini kuliko la kwangu, lakini ni povu.

WaLangoni:
Ningepunguza fremu hadi 25 pia. Biti zilezile, fremu nusu.

FundiTaa_Malindi:
Kwa mashua sina hakika. Fremu zikiwa chache, kila moja iko mbali zaidi na mwenzake, hivyo kukopa kunakuwa kugumu, na bajeti nayo hushuka. Jaribu zilezile sekunde 20.

Mlingoti_Lamu:
Nitajaribu. Lakini hasira yangu haijaisha. Nimempelekea mwenye mashua ile ya 1440p, akaifungua kwa 360p kuokoa bando. Kaona uji uleule. Hilo nalitatua vipi?