Sauti ya simu inatoka nzito na kukwaruza kwenye ampli ya zamani: kosa liko wapi?

Mwana-Nguba, Bukavu
Wakubwa kwa wadogo, ninawasalimu. Marehemu baba aliniachia ampli ya zamani na bafle zake mbili, na juma lililopita nilinunua kipokezi kidogo cha Bluetooth ili nisikilize muziki wa simu. Nyuma ya ampli kuna matundu yaliyoandikwa PHONO, TUNER na TAPE. TUNER imeshikwa na redio, na TAPE ina jozi mbili, REC na PLAY, zilizonichanganya. Kwa hiyo nilichomeka kwenye PHONO, nikidhani neno hilo linahusu simu. Sauti inatoka kwa nguvu hata nikifungua kidogo tu, lakini besi inafunika kila kitu, mwimbaji anasikika kama yumo ndani ya mtungi, na kila ngoma inapopigwa bafle zinakwaruza. Nimejaribu pia kamba ya kawaida kutoka kwenye tundu la sikizi la simu, matokeo ni yale yale. Je, kipokezi ni kibovu, au ampli imezeeka?

Kijana wa Himbi, Goma
Pole, kaka. Punguza sauti ya simu mpaka robo, na mkwaruzo utapungua. Ukibaki, basi kondansata za ampli zimekauka, na itabidi fundi azibadilishe zote.

Fundi wa Kadutu
Mdogo wangu wa Goma amesema kweli kuhusu mkwaruzo, lakini usifungue ampli bado. PHONO ni tundu la gramafoni. Sindano ya sahani hutoa umeme mdogo sana, kama milivolti 3 hadi 5, ilhali simu au kipokezi kinaweza kufikia volti 1, yaani mara mia kadhaa zaidi, na ndiyo sababu sauti inapasuka. Kuna jambo la pili ambalo kupunguza sauti hakuliponyi: sahani hurekodiwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti nyembamba zikiwa zimeongezwa, kisha tundu hilo huzirudisha kinyume. Muziki wa simu haukupunguzwa kitu, kwa hiyo hata ukiufanya mnyonge kiasi gani, utabaki mzito.

Chomeka kwenye TAPE, jozi ya PLAY. Ile ya REC hutoa sauti, haipokei. Ukikosea hutaunguza kitu, utapata ukimya tu. Halafu utafute kitufe cha TAPE MONITOR mbele ya ampli, kwa maana mara nyingi kaseti haimo kwenye kile kitufe cha kuzungusha. Sauti ya simu uiweke karibu na mwisho, na ya ndani ya chumba uiongoze kwa ampli.

Mzee wa Kamalondo, Lubumbashi
Mimi nami nina ampli ya Ulaya, na nimefuata maneno hayo, ila kwangu ni ukimya mtupu. Tundu langu la kaseti ni la duara, lenye vitobo vitano, na kamba niliuziwa sokoni.

Fundi wa Kadutu
Baba, hiyo ni fishi ya DIN. Sauti huingia kwa pini ya 3 upande wa kushoto na ya 5 upande wa kulia, na ya 2, ile ya katikati, ni ya masi. Kamba nyingi zimeunganishwa kwenye 1 na 4, ambazo ni za kurekodi. Ipime kwa multimeta kabla ya kununua nyingine, na usome namba kwenye fishi yenyewe, kwa sababu hazifuatani kwa mpangilio wa kuhesabu.

Mwana-Nguba
Asante sana, kaka Fundi. Nilihamishia kwenye PLAY, nikabonyeza kitufe, na mwimbaji ametoka mtunguni! Hata hivyo limebaki jambo moja: kipokezi kikiwa kwenye chaja kuna mlio wa "zzzz" nyuma ya muziki, nao hauongezeki nikiongeza sauti ya simu.

Fundi wa Kadutu
Chomoa chaja, kipokezi kitumie betri yake. Mlio ukiisha, chanzo ni chaja. Ukibaki, chomoa na kamba ya sauti pia. Ukiendelea hata hapo, ndipo tutazungumza na Kijana wa Himbi juu ya kondansata.

Mwana-Nguba
Kwa betri ni kimya kabisa. Ila betri inakaa saa nne tu, na sherehe zetu hapa Nguba haziishi kwa saa nne.

Kijana wa Himbi, Goma
Mimi niliweka kati kile kiboksi kidogo cha kutenganisha masi, na mlio ukaisha.

Fundi wa Kadutu
Kinasaidia, lakini vya bei ndogo hula besi ya chini kabisa. Jaribu kwanza chaja nyingine, au betri ya akiba ya simu. Nilishakuta chaja mbili zinazofanana kwa sura, moja ikilia na nyingine ikinyamaza.

Mzee wa Kamalondo, Lubumbashi
Nimepima kamba: pini ya 3 inapitisha, ya 5 haipitishi kitu, na sasa ninasikia upande wa kushoto peke yake. Nichome upya mwenyewe?